Fundi Kununa na Koki Aliyolipwa Kuisifu

Katika miaka thelathini ya kufunga na kufungua mabomba, fundi huyu hakuwahi kusifu koki. Akiingia jikoni kwa mtu huinama, hutazama chini ya sinki, huvuta pumzi puani, kisha midomo yake huchongoka mbele kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Mwenye nyumba akiiona midomo ile, anajua kazi ni kubwa. Ndiyo maana muuza duka la vifaa vya ujenzi alimbandika jina la Fundi Kununa, na jina likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Umaarufu ulimfikia akiwa amelala chali. Mkewe, karani wa shule, anayeitwa Mama Pacha kwa sababu ya watoto wao wawili ambao sasa wana nyumba zao, alimkuta chini ya sinki lao akiigombeza koki kama mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani. "Nani alifunga hii? Alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Mama Pacha akamrekodi kwa simu ili awachekeshe dada zake, akaiweka mtandaoni. Jumapili ikafika, video imetazamwa na watu ambao hata harufu ya jiko lile hawaijui. Miaka miwili baadaye walikuwa na wafuasi elfu sitini, na kila video ilianza na swali lile lile: nani alifunga hii?

Wafuasi walimpendea mdomo wake mchungu, lakini walibaki kwa jambo jingine. Fundi alikuwa na sifa moja tu, tena aliitoa kwa shida: "Haina ubaya." Akilisema hilo juu ya kifaa, basi kifaa kimefaulu. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alibadilisha koki zote za nyumba yake kwa maneno hayo mawili, akamtumia picha kumi na moja. Muuza duka alikuwa akisema kwamba Fundi akitamka "haina ubaya" Jumatatu, Alhamisi rafu ni tupu. Neno lake lilikuwa mtaji wake wote. Spana zingeweza kuibwa, akanunua nyingine.

Basi siku moja kampuni inayotengeneza koki za sinki ikampigia simu.

Aliyepiga alikuwa afisa masoko, binti mwenye sauti ya kukimbia, aliyemwita "mzee wangu" tangu salamu ya kwanza. Walitaka video moja. Wangemlipa, na wangempa koki sita za bure. Fundi akasema kwanza akae nayo. Aliifunga moja jikoni kwake, akaifungua na kuifunga kwa wiki tatu, asubuhi na jioni, hadi Mama Pacha akauliza kama ile ni koki au ni tasbihi. Haikudondosha tone. Fundi akatia saini.

Mkataba aliusoma Mama Pacha, kwa sababu ukarani wake haumruhusu kupita karatasi bila kuisoma. Kifungu cha saba kilisema wazi: mtazamaji ajulishwe mwanzoni mwa video, kwa sauti na kwa maandishi, kwa lugha ile ile ya video, kwamba hii ni kazi ya kulipwa, na kwenye mtandao iwashwe ile alama ya ushirikiano wa kulipwa inayokaa juu ya video. Kampuni inaruhusiwa kusahihisha taarifa zisizo za kweli kuhusu bidhaa. Maoni ni ya fundi. Chini yake waliandika hata sentensi ya mfano.

Ile sentensi ya mfano ndiyo iliyoleta balaa.

Fundi, mtu ambaye hajawahi kupanga maneno maishani mwake, aliamua jambo la mkataba lisemwe kimkataba. Akavaa shati lake la kwendea harusini na benki, akafunga vifungo mpaka kooni, akasimama kando ya sinki kama mshtakiwa anayesubiri hakimu. Mama Pacha akabonyeza kurekodi.

"Maudhui haya," Fundi akaanza, macho kwenye karatasi iliyobandikwa kabatini, "yameandaliwa kwa ushirikiano wa kibiashara wa kulipwa baina ya mtoa maudhui na watengenezaji wa bidhaa tajwa. Maoni yatakayotolewa ni ya mtoa maudhui mwenyewe na hayawakilishi msimamo wa mtu mwingine yeyote."

Kisha akaieleza koki kwa upole wa kutisha. Hakuuliza nani aliifunga. Hakununa. Alisema "bidhaa hii ni bora" akitabasamu, na wafuasi wengi siku hiyo ndipo walipogundua kwamba ana meno. Alama iliwashwa, maandishi yakawekwa, kila kitu kikawa kama kifungu cha saba kilivyotaka.

Maoni ya kwanza yaliingia kabla sufuria haijachemka. "Huyu nani?" Ya pili: "Akaunti imeibiwa, msibofye kitu." Ya tatu yaliandikwa na dereva mmoja mchekeshaji: "Fundi, kama umeshikwa mateka, kohoa mara mbili."

Kwa bahati mbaya shati lile lilikuwa limekaa sandukuni muda mrefu, na vumbi lake lilimpanda Fundi kooni katika sekunde ya arobaini. Alikohoa. Mara mbili.

"AMEKOHOA," akaandika mtu, na baada ya hapo hakuna aliyezungumzia koki tena. Mmoja alitaka namba ya kituo cha polisi. Mwingine alidai amemwona mtu kwenye kivuli cha kabati. Kile kivuli kilikuwa cha ufagio. Mwalimu mkuu mstaafu alituma ujumbe wa maneno mengi ya kumtia moyo, akamalizia kwa kusema yuko tayari kuchangia pesa za kumkomboa.

Kesho yake saa moja asubuhi mama mkwe aligonga mlango. Alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu, na kila alipokwenda alikwenda na mkoba uleule. Hakusalimia. Alimkalisha mkwe wake kitini, akamshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake.

"Mama, shikamoo. Mimi mzima."

"Marahaba. Nyamaza nahesabu."

Mapigo yalikuwa sawa. Akamvuta kope la chini. Damu ipo. Akamgeukia binti yake. "Mumeo alikuwa anaongea vile kwa nini?"

"Alikuwa anasema ukweli, mama."

"Ukweli gani unasemwa kama tangazo la msiba?"

Mama Pacha akamwangalia mumewe. "Ukweli ulikuwepo," akasema. "Wewe ndiye hukuwepo."

Mchana akapiga afisa masoko. Alianza kwa kucheka, akaomba radhi kwa kucheka, akacheka tena. Kisha akasema, "Mzee wangu, watu wanaondoka sekunde ya tatu. Ukisema tu 'maudhui haya', wamekimbia. Meneja wangu anaomba uifute ile, urekodi nyingine kwa mtindo wako. Ule wa kununa."

"Na ile habari ya kulipwa?"

Binti akashusha sauti. "Meneja anasema tusiwatishe watu. Iwekwe kwenye maelezo, kule chini kabisa, mtu akishabofya 'soma zaidi'. Katikati ya hashtegi. Itakuwepo, ila haitapiga kelele. Na ile alama, anasema tuiache isiwashwe kwanza."

Mama Pacha alikuwa anasikiliza kwenye spika. Akanyoosha vidole saba.

"Binti," Fundi akasema, "mke wangu anakumbusha kifungu cha saba. Si ninyi wenyewe mliokiandika?"

"Kiliandikwa na idara ya sheria, mzee wangu. Meneja ni wa masoko. Wale wawili hata chai hawanywi meza moja. Tuna mpaka Ijumaa mchana."

Ingekuwa wiki nyingine, pengine Fundi angekataa palepale. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amekwenda dukani kununua tepu ya kuzungushia nyuzi za bomba, na muuza duka alipomwona tu mlangoni alikohoa mara mbili, polepole, akitazama kulia na kushoto kama jasusi. Wateja watatu wakakohoa pia. Fundi alirudi nyumbani bila tepu. Alitaka sauti yake irudi, na kama bei ya sauti ni kuliteremsha neno moja katikati ya hashtegi kumi na tisa, aliona si bei kubwa.

"Litakuwepo," akamwambia mkewe usiku ule wakila. "Mwenye kulitafuta atalipata."

"Na nani hutafuta asichojua kimepotea?" Mama Pacha akamjibu, akaondoa sahani kabla hajamaliza.

Alhamisi walikwenda kurekodi kwa mama mkwe, kwa kuwa koki yake ya jikoni ilikuwa inadondoka na alikuwa ameikingia sufuria ndogo. Sehemu ilikuwa nzuri: dirisha upande wa sinki, mwanga wa kutosha. Fundi alivaa fulana yake ya kazi yenye doa la simenti begani. Akajikunja chini ya sinki, akavuta pumzi puani. Midomo ikachongoka. Mama Pacha akaanza kurekodi, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu.

"Nani alifunga hii?" Fundi akanguruma.

"Wewe, mkwe," sauti ikatoka nyuma ya simu. "Mwaka juzi."

Fundi akaitazama koki upya. "Alikuwa na haraka ya kwenda wapi," akamalizia, kwa sauti ya chini.

Baada ya hapo kazi ilitiririka. Alifunga maji kwenye valvu kuu, akaitoa koki ya zamani, akaonyesha washa ya mpira, ile pete ya kuzuia maji, iliyochakaa ndani yake. Akakinga ndoo, akafungua maji kidogo yasukume nje uchafu wa bomba kabla ya kufunga koki mpya. Akazungusha tepu kwenye nyuzi, akakaza, akafungulia maji. Akafungua koki, akafunga. Akasubiri huku kila mtu akitazama mdomo wa koki. Hakuna tone.

"Haina ubaya," Fundi akasema.

Ilikuwa video safi kuliko zote walizowahi kufanya. Hakuna neno ndani yake la kulipwa, lakini kwa maelewano na meneja lingepatikana kule chini, baada ya "soma zaidi".

Mama mkwe akalisogelea sinki, akaingia kwenye picha bila kuuliza. Akaifungua koki kwa kidole kimoja, akaifunga. Akaifungua tena.

"Imesemwa," akasema. "Mimi nataka nne. Ya bafuni, ya uani, na mbili za kule kwa wapangaji. Na kikundi chetu cha wauguzi wastaafu tuko kumi na tisa. Ngoja niwaandikie sasa hivi." Akatoa simu mkobani, akaweka miwani. "Nasema: mkwe wangu ambaye hajawahi kukisifu kitu, hata chakula changu, leo kwa hiari yake ameisifu koki. Kanunueni."

Kidole chake kilikuwa kimeshaanza kubonyeza. Fundi alikiangalia kile kidole. Wazee kumi na tisa wa pensheni. Kwa hiari yake.

"Mama," akasema. "Usiandike kwanza."

"Kwa nini?"

"Si kwa hiari. Yaani, ni hiari, ila nimelipwa."

Miwani ya mama mkwe ikateremka mpaka ncha ya pua. Mama Pacha hakuishusha simu.

"Umelipwa na nani?"

"Na wenye koki."

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," mama mkwe akasema. "Hii imetembezwa mpaka jikoni kwangu, na aliyeibeba ni wewe. Mbona hukuanza na hilo?"

"Nilianza nalo, mama. Wiki hii hii. Ukaja kunipima mapigo."

"Ile haikuwa kuniambia. Ile ilikuwa kunisomea." Akaweka simu yake juu ya kabati, akakunja mikono kama alivyokuwa akiwakunjia wagonjwa waliodai wamemeza dawa. "Niambie sasa. Kama unavyomwambia mtu."

Fundi akanuna. Alinuna vizuri, kununa kwa ukoo, midomo ikafika karibu na koki. Maneno yakatoka nyuma ya ile midomo bila kuvaa shati la harusi.

"Waliotengeneza koki hii wamenilipa. Pesa. Na koki sita za bure juu yake. Hii unayoichezea ni mojawapo. Kwa hiyo mimi leo nina sababu ya kuisifu na wewe una sababu ya kunitilia shaka. Nitilie. Lakini nimekaa nayo jikoni kwangu wiki tatu na haijadondosha tone. Mkono wake ni laini mno, mtu akipita na kiwiko anaifungua, utaoga bila kupanga. Na kama maji yako yana mchanga, mchanga utaila humo ndani, washa ya mpira hamna ya kubadilisha, utatupa kitu kizima. Usije kunililia."

Mama mkwe akapandisha miwani. "Sasa huyo ndiye ninayemjua," akasema.

Mama Pacha akabonyeza kusimamisha.

Jioni walikaa mezani na simu. Yale maneno ya jikoni Mama Pacha aliyachukua kama yalivyo, akayapeleka mwanzo kabisa wa video, kabla hata ya "nani alifunga hii". Juu yake akaweka maandishi makubwa meupe: HII NI VIDEO YA KULIPWA, yakae muda wa mtu kuyasoma bila kukodoa macho. Sentensi ya kwanza ya maelezo nayo ikasema hivyo hivyo, juu, mahali ambapo hapahitaji kubofya. Hashtegi akazibakiza tatu. Kisha wakamtumia afisa masoko aipitie.

Alipiga baada ya nusu saa. "Mzee wangu, mimi nimeitazama mara nne. Nimemwonyesha mama yangu. Lakini meneja…"

"Meneja anasemaje?"

"Anasema 'wamenilipa, pesa' ni maneno ya sokoni. Anaomba useme 'wameniwezesha'."

"Kuwezeshwa ni mtu aliyekuwa hawezi," Fundi akasema. "Mimi nilikuwa naweza. Nililipwa."

"Au 'kwa hisani ya'."

"Hisani gani, na nimetia saini?"

"Nilimwambia. Pia anaomba tuondoe mchanga."

Hapo Mama Pacha akaingilia, miwani puani na mkataba mkononi. "Mwanangu, mnaruhusiwa kusahihisha lisilo kweli. Mchanga ni uongo?"

Zikasikika karatasi zikifunuliwa. "Si uongo, mama. Kwenye kijikaratasi kilichomo ndani ya boksi tumeandika wenyewe: maji yenye mchanga, funga chujio."

"Basi maoni ni ya fundi."

Fundi akajisogeza kwenye simu. "Binti yangu, mwambie meneja hivi. Neno likiondolewa, koki zinarudi. Tano nitazileta mwenyewe. Ya sita iko kwa mama mkwe wangu, hiyo aje kuifungua yeye."

Binti alijaribu kutocheka, akashindwa. Akasema atafanya jambo. Jambo lenyewe, walikuja kujua baadaye, lilikuwa kuitembeza video ghorofa moja juu, idara ya sheria. Kule mwanasheria mmoja aliitazama mpaka mwisho, akasema hii ndiyo waliyokuwa wameandika, na kwa nini watu wa masoko hawawaletei vitu vya namna hii. Ijumaa saa nne asubuhi ruhusa ikaja. Fundi akaifuta ile video ya shati, Mama Pacha akawasha alama, mpya ikapanda.

Haikuwa sherehe. Watu mia tatu na kitu waliacha kumfuata siku hiyo, na mmoja aliandika kwamba sasa hata wanunaji wananunuliwa. Fundi aliyasoma maoni hayo mara mbili, akayaacha yakae. Lakini waliobaki walibaki na mdomo wao. "Fundi amepona," akaandika yule dereva. "Jamaa analipwa na bado ananuna, mpeni mara mbili." Mwanamke mmoja aliuliza bila mzaha: ingekuwa mbaya, ungesema? Fundi akamtamkia mkewe jibu: "Ningewarudishia pesa yao kabla ya kurekodi. Mke wangu angenuna, nyumba ingekuwa na wanunaji wawili." Mama Pacha akaliandika neno kwa neno, ila akaweka kwamba asingenuna.

Mama mkwe hakununua nne. Alipiga kusema iliyopo jikoni ataiangalia mwezi mzima kwanza. "Wewe umelipwa, mkwe," akasema. "Mimi sijalipwa." Fundi akaona ni haki kabisa, na ajabu ni kwamba hakuumia.

Kwa wauguzi wenzake alikuwa ameandika habari yote: amelipwa, koki haidondoki, mkono laini, mchanga. Jumamosi simu ya Fundi haikupumzika. Hakuna muuguzi hata mmoja aliyeuliza habari ya kulipwa. Hilo walishajua, wakaliweka pembeni kama mtu anavyoweka mwavuli mlangoni. Wote waliuliza mchanga.

Akaenda nyumba kwa nyumba na beseni jeupe. Kila mahali alifungua bomba, akakinga maji, akayaacha yatulie, kisha yeye na mwenye nyumba wakainamisha vichwa kutazama chini ya beseni. Nyumba ya nne maji yalitulia, na chini pakabaki mstari wa mchanga kama nyusi.

"Usiinunue hii," Fundi akamwambia muuguzi mwenye nyumba, mama mnene aliyekuwa amevaa kanga ya jikoni. "Kwako haitafika miezi sita. Baki na ile ya washa ya mpira, ina kelele lakini inatengenezeka."

Yule mama akamtazama, akalitazama beseni. "Na hilo nalo wamekulipa useme?"

"Hilo hapana," Fundi akasema, akimwaga maji kwenye sinki. "Hilo ni la kwangu."

Akainama chini ya sinki kuona koki ya zamani imefungwaje, na yule mama, bila kuambiwa, akaenda kumshikia tochi.